Gego la Kwanza na Makundi Matatu ya Mng'ato

Mtoto anapokaribia umri wa miaka 6, nyuma ya meno yake yote ya utoto huota magego manne mapya, mawili juu na mawili chini. Hayachukui nafasi ya jino lolote lililong'oka, na kwa sababu hiyo wazazi wengi huyahesabu kuwa ni meno ya utoto yatakayoondoka siku moja. Hayaondoki. Hayo ndiyo magego ya kwanza ya kudumu, na namna gego la juu linavyokutana na la chini ndiyo kipimo ambacho madaktari wa kupanga meno wamekitumia kwa zaidi ya karne moja kugawa kasoro za mng'ato katika makundi matatu.

Mgawanyo huo ulitolewa mwaka 1899 na Edward Hartley Angle, daktari wa meno wa Marekani. Angle alitafuta kinywani jino moja ambalo angeweza kulitegemea kama alama isiyohama, akalichagua gego la kwanza la juu. Huota mapema, lina mizizi mitatu iliyojikita vizuri, na limekaa kwenye mfupa ulioungana na fuvu, tofauti na taya la chini linalotembea. Hoja kwamba gego hilo halihami haikusimama yote, kama itakavyoonekana. Kipimo chenyewe kilidumu kwa sababu ni chepesi: hakihitaji mashine, na daktari wa Mombasa akimwandikia mwenzake wa Muscat kwamba mgonjwa ni wa kundi la pili, mwenzake anajua aanzie wapi.

Kukisoma kipimo hiki ni kazi ya kioo kidogo na taa. Mgonjwa humeza mate, kisha hung'ata kwa meno ya nyuma, na daktari huvuta shavu pembeni ili ayaone magego kutoka ubavuni. Gego la kwanza la juu lina vinundu viwili upande wa shavu, kimoja cha mbele na kimoja cha nyuma. Gego la kwanza la chini lina mfereji mdogo unaoshuka ubavuni mwake, upande huohuo wa shavu. Kinundu cha mbele cha gego la juu kikiangukia sawasawa na mfereji huo, uhusiano ni wa kundi la kwanza. Mfereji wa chini ukiwa nyuma ya kinundu hicho, maana yake meno ya chini yamekaa nyuma kuliko inavyotakiwa, na hilo ni kundi la pili. Mfereji ukiwa mbele ya kinundu, meno ya chini yametangulia, na hilo ni kundi la tatu.

Kuteleza huku kuna kiasi chake. Magego yanaweza kupishana kwa nusu hatua, vinundu vikikutana ncha kwa ncha, au kwa hatua nzima, yaani upana wa gego dogo moja, takriban milimita 7. Tofauti kati ya nusu na nzima hubadilisha tiba kuliko jina la kundi lenyewe, na taarifa ya daktari inayosema "kundi la pili" bila kutaja kiasi imeacha nusu ya habari. Kila upande pia husomwa peke yake. Mtu anaweza kuwa wa kundi la kwanza kulia na la pili kushoto, na mara nyingi mstari wa kati wa meno yake ya mbele huonekana umesogea upande mmoja.

Kundi la kwanza halina maana ya meno mazuri. Mtu mwenye meno ya mbele yaliyobanana na kupandana, au aliyeacha uwazi mbele anapong'ata, bado ni wa kundi la kwanza kama magego yake yamekutana inavyopaswa. Ubovu wake upo, ila haupo katika uhusiano wa mbele na nyuma kati ya safu mbili za meno. Makala hii inawaacha watu hao pembeni, kwa kuwa tiba ya kundi la pili na la tatu ina swali lake la pekee.

Kundi la pili Angle aliligawa mara mbili kwa kuangalia meno ya mbele. Katika tawi la kwanza, meno ya mbele ya juu yametokeza nje na kuacha pengo la mlalo kati yake na ya chini. Kwa kawaida pengo hilo huwa milimita 2 hadi 3, lakini hapa linaweza kufika 8, 10 au zaidi. Midomo hufunga kwa shida, na mara nyingi mdomo wa chini huingia nyuma ya meno ya juu na kuyasukuma nje zaidi. Meno yaliyotokeza hivyo huvunjika upesi mtoto akianguka au akigongwa mpirani. Katika tawi la pili, meno mawili ya kati ya juu yameinamia ndani, na yale ya pembeni yake mara nyingi yametokeza. Pengo la mlalo ni dogo, lakini meno ya juu huyafunika ya chini kwa kina, pengine kiasi kwamba meno ya chini hugusa ufizi wa nyuma ya meno ya juu na kuuumiza. Mtu wa tawi la pili hukaa miaka mingi bila kujua ana kasoro, kwa sababu akitabasamu meno yake huonekana ya kawaida.

Katika kundi la tatu, meno ya mbele ya chini hukutana ncha kwa ncha na ya juu au hupita mbele yake. Kidevu mara nyingi huonekana kirefu, au eneo la chini ya macho na pembeni mwa pua huonekana bapa. Kundi hili hurithiwa kwa nguvu kuliko yote. Mfano wake maarufu ni ukoo wa kifalme wa Habsburg wa Ulaya, ambao picha zao zilizochorwa kwa karne kadhaa huonyesha kidevu kilekile kikitoka kizazi hadi kizazi, hadi kwa mfalme Karolo wa Pili wa Hispania aliyefariki mwaka 1700.

Kosa la kwanza linalofanywa na kipimo hiki ni kukisoma kabla ya wakati. Mtoto wa miaka 7 au 8 mara nyingi ana magego yanayokutana ncha kwa ncha, na anayesoma kitabu bila kumsoma mtoto ataandika kundi la pili, nusu hatua. Lakini magego ya utoto ni mapana kuliko magego madogo ya kudumu yanayokuja mahali pake, na nafasi inayobaki ni kubwa zaidi katika safu ya chini kuliko ya juu. Magego ya utoto yanapoanguka, karibu na umri wa miaka 10 hadi 12, gego la kwanza la chini husogea mbele likaingia katika nafasi hiyo. Taya la chini nalo hukua mbele kuliko la juu katika miaka hiyo. Watoto wengi wa ncha kwa ncha huishia kundi la kwanza bila kuguswa na mtu.

Kosa la pili hutokana na meno yaliyong'olewa. Gego la pili la utoto la juu likioza na kuondolewa mapema, gego la kwanza la kudumu lililo nyuma yake huteleza mbele na kukalia nafasi hiyo. Upande huo sasa utasomeka kundi la pili, ingawa mataya yenyewe hayana kasoro yoyote. Hapa ndipo hoja ya Angle ya jino lisilohama ilipoanguka. Tiba ya mtoto huyu ni kulirudisha gego nyuma na kufungua nafasi ya jino linalokuja, na kumvalisha kifaa cha kusukuma taya la chini mbele kungekuwa kumtibu ugonjwa asio nao. Dalili za kumtambua ni tatu: kasoro iko upande mmoja, kuna historia ya jino kung'olewa, na uso ukitazamwa kutoka ubavuni ni wa kawaida.

Wakati mwingine gego la kwanza halipo kabisa, kwani huota mapema na huoza mapema, na watu wazima wengi wamelipoteza. Daktari hapo hutazama meno ya chonge: ncha ya chonge la juu inapaswa kuangukia kati ya chonge la chini na gego dogo lililo nyuma yake. Hata alama hii ina mipaka yake. Katika sehemu za Tanzania, Kenya na Uganda ambako watoto wachanga wenye homa au kuharisha hutobolewa fizi kuondoa kile kinachoitwa meno ya plastiki, kinachong'olewa hasa ni chipukizi la chonge la utoto. Chipukizi la chonge la kudumu lililo karibu yake huweza kuharibika, na jino likaja limepinda au lisije. Kwa Wamaasai, ambao kwa jadi huondoa meno mawili ya kati ya chini, na kwa Waluo wa zamani walioondoa meno sita ya mbele ya chini, ni meno ya mbele yanayokosekana na pengo la mlalo halipimiki. Kwa watu kama hao magego ndiyo yaliyobaki kueleza habari, na Angle angefurahi kusikia hivyo.

Upungufu mkubwa zaidi ni kwamba magego husema meno yamekutana vipi lakini hayasemi ni kwa nini. Watu wawili wa kundi la pili, hatua nzima, wanaweza kuwa na vyanzo viwili tofauti. Mmoja ana taya la chini fupi. Mwingine ana mataya yanayolingana, lakini alinyonya kidole gumba hadi umri wa miaka 9 na kuivuta safu ya juu mbele. Katika kundi la tatu ni vivyo hivyo: taya la chini linaweza kuwa refu mno, au la juu ndilo lililobaki nyuma, au yote mawili kidogo kidogo. Kujua chanzo, daktari humtazama mgonjwa ubavuni, kisha huagiza picha ya eksirei ya fuvu iliyopigwa kutoka pembeni kwa umbali maalumu, njia iliyoanza kutumika kitabibu mwaka 1931. Juu ya picha hiyo huchorwa mistari kutoka mzizi wa pua hadi sehemu ya mbele ya kila taya, na pembe kati ya mistari hiyo miwili hupimwa. Kwa kawaida ni nyuzi 2 hivi. Ikizidi 4, taya la chini liko nyuma ukililinganisha na la juu. Ikishuka chini ya sifuri, limetangulia.

Kutoka hapo swali la tiba ni moja kwa makundi yote mawili: kasoro iko kwenye meno au kwenye mifupa, na kama iko kwenye mifupa, mgonjwa amebakiwa na ukuaji kiasi gani? Majibu yanayowezekana ni matatu. Mtoto anayekua anaweza kusaidiwa ukuaji wenyewe uelekezwe. Aliyemaliza kukua, na kasoro yake si kubwa, anaweza kupangwa meno ili yakutane vizuri juu ya mifupa isiyolingana. Aliyemaliza kukua na ana kasoro kubwa huhitaji upasuaji wa taya.

Chukua mfano wa msichana wa miaka 11 na nusu, kundi la pili tawi la kwanza, magego yamepishana hatua nzima pande zote mbili, pengo la mlalo milimita 9. Ubavuni, kidevu chake kiko nyuma, na pembe ya mataya kwenye eksirei ni nyuzi 6. Daktari humwomba alete taya la chini mbele hadi meno ya mbele yakaribiane, kisha humtazama tena kutoka ubavuni. Uso ukionekana umekuwa bora, ni ishara kwamba tatizo ni taya la chini na kwamba kulileta mbele kunafaa. Uso ukionekana mbaya zaidi, midomo ikitokeza yote miwili, ni taya la juu au meno ya juu yanayostahili kurudishwa. Msichana huyu uso wake unakuwa bora.

Kifaa kinachotumika sana kwa hali yake ni sahani mbili za plastiki ngumu, moja ya juu na moja ya chini, kila moja ikiwa na vitalu vilivyokatwa kwa mshazari. Kilibuniwa na daktari wa Uskoti, William Clark, mwaka 1977. Mgonjwa akifunga mdomo, vitalu hukutana kwa namna ambayo haiwezekani kung'ata ila taya la chini likiwa mbele. Huvaliwa mchana na usiku, hata wakati wa kula kwa wanaoweza, na huondolewa kwa kupigwa mswaki na michezo ya kugongana. Wiki ya kwanza mtoto hutoa mate mengi na huongea kwa kitetemeshi, kisha huzoea.

Pengo likipungua kwa milimita 1 hivi kila mwezi, mambo yanakwenda. Miezi mitatu au minne ikipita bila badiliko, jambo la kwanza la kushuku ni kwamba kifaa kinakaa ndani ya kikombe badala ya kinywani, na sahani isiyo na alama za kuchakaa husema hivyo waziwazi. Kuna udanganyifu mwingine usio wa makusudi. Msuli huzoea kulishika taya mbele, na pengo likaonekana limefungwa kumbe taya linaweza kurudi nyuma. Daktari humlaza mgonjwa, humwambia alegeze taya, na hulisukuma kidevu taratibu nyuma kabla hajaandika kipimo. Katika kipindi hiki meno ya mbele hukutana na magego huacha uwazi pembeni. Wazazi huogopa wakiuona, lakini unatarajiwa, na hufungwa kwa kupunguza plastiki kidogo kidogo ili magego ya chini yapande.

Baada ya miezi 9 hadi 12 magego ya msichana huyu yamefika kundi la kwanza na pengo limebaki milimita 3. Hufuata nyaya za meno kwa mwaka mmoja na nusu hivi za kunyoosha kilichobaki, zikisaidiwa na mipira midogo inayonasa mbele juu na nyuma chini, ili kuzuia taya lisirudi. Kisha kifaa cha kushikilia meno, kwa miaka. Ukweli ambao vipeperushi vya kliniki hupenda kuuruka ni kwamba sehemu kubwa ya pengo lililofungwa imetokana na meno kuegemea, ya juu kurudi ndani na ya chini kwenda mbele, na sehemu ndogo ndiyo urefu mpya wa taya. Kifaa hicho hakimpi mtu taya ambalo mwili wake haukukusudia kulikuza. Hata hivyo meno hukutana, midomo hufunga, na kwa wengi hilo linatosha.

Kwa nini asianze akiwa na miaka 8? Tafiti zilizolinganisha watoto walioanza mapema na walioanza karibu na kubalehe zimeonyesha kwamba mwishoni matokeo ya mng'ato hutofautiana kidogo sana, ila walioanza mapema walitibiwa kwa muda mrefu zaidi. Faida moja iliyoonekana kwa walioanza mapema ni kuvunjika kwa meno ya mbele kunakopungua. Kwa hiyo mtoto mdogo mwenye meno yaliyotokeza sana, ambaye amekwisha kuanguka mara kadhaa, au anayechekwa shuleni hadi hataki kufungua mdomo, ana sababu ya kuanza. Wengine husubiri.

Tawi la pili la kundi la pili lina utaratibu wake. Meno ya kati ya juu yaliyoinama ndani yamelifungia taya la chini kwa nyuma, na hakuna kifaa kitakacholileta mbele hadi yaondolewe njiani. Huanza kwa kuyasukuma nje, na mgonjwa hushangaa kuona pengo ambalo hakuwa nalo. Sasa yeye ni wa tawi la kwanza, na tiba huendelea kama ya msichana wa miaka 11. Kufunika kwa kina hurudi kwa urahisi kwa watu hawa, na kifaa cha kushikilia meno kwao hakiachwi.

Mtu mzima wa kundi la pili ambaye kidevu chake hakimsumbui anaweza kung'olewa gego dogo la kwanza la juu kila upande. Nafasi ya milimita 7 inayopatikana hutumika kuyarudisha meno ya mbele ya juu. Magego ya nyuma lazima yazuiwe yasiteleze mbele kuila nafasi hiyo, na siku hizi kazi hiyo hufanywa na skrubu ndogo zinazofungwa kwenye mfupa kwa muda. Mwisho wa tiba, meno ya chonge yamekutana sawasawa, pengo limefungwa, na magego yamebaki kundi la pili, hatua nzima, kwa makusudi. Mgonjwa anayesoma taarifa yake anaweza kudhani hakutibiwa. Magego yaliyopishana hatua nzima hukaa vizuri na kutafuna vizuri. Ni nusu hatua, ncha kwa ncha, isiyokubalika mwishoni. Angle mwenyewe alipinga kung'oa meno mazima kwa ajili ya kupanga mengine, na mwaka 1911 jambo hilo lilizua mjadala mkali kati ya wafuasi wake na Calvin Case. Miaka mingi baadaye mwanafunzi wake Charles Tweed, alipoona meno aliyoyapanga bila kung'oa yakirudi kubanana, aliwatibu upya wagonjwa wake kwa kung'oa. Mwenye taya fupi mno hafai kwa njia hii, kwa kuwa kurudisha meno ya juu nyuma kutaufanya mdomo wa juu uonekane umeingia na pua imetokeza. Kwake yeye upasuaji wa kulipeleka taya la chini mbele ndio unaofaa.

Kundi la tatu huanza kwa jaribio dogo ambalo halipaswi kurukwa. Mtoto wa miaka 7 au 8 ambaye meno ya chini yamepita mbele huombwa arudishe taya nyuma awezavyo. Wengine hufika hadi ncha kwa ncha. Hawa mara nyingi wana jino moja au mawili ya mbele yaliyoinama vibaya, yanayogusana kabla ya mengine, na mtoto ameteleza taya mbele ili aweze kufunga mdomo. Uso wao taya likiwa nyuma ni wa kawaida. Sahani rahisi yenye springi za kusukuma meno ya juu nje hulimaliza tatizo katika miezi michache, na kuliacha huharibu ufizi wa meno ya chini yanayogongwa. Hilo si kundi la tatu la mifupa, ingawa magego yanaweza kusoma hivyo mtoto anapong'ata kwa mazoea.

Asiyeweza kurudi nyuma ana tatizo la mataya. Ikiwa taya la juu ndilo dogo, kuna dirisha la umri ambalo hufungwa mapema kuliko la kundi la pili. Kabla ya miaka 10, maungio ya mifupa ya uso bado yanakubali kuvutwa. Mtoto hufungwa kifaa juu ya meno ya juu, mara nyingi chenye skrubu ya kupanua kaakaa, na jioni huvaa fremu inayoegemea paji la uso na kidevu. Mipira huvuta taya la juu mbele na chini kidogo, kwa nguvu ya gramu 400 hivi kila upande, saa 12 hadi 14 kwa siku, ikiwa ni pamoja na usiku. Hutumika miezi 6 hadi 12, na daktari huendelea kuvuta hadi meno ya juu yapite ya chini kwa zaidi ya inavyohitajika, kwa kuwa sehemu ya mafanikio itapotea. Kifaa hiki pia hulizungusha taya la chini kuelekea chini na nyuma, hivyo mtoto mwenye uso mrefu tangu awali atatoka na uso mrefu zaidi. Watoto waliozaliwa na mdomo sungura na kaakaa lililopasuka, ambao makovu ya upasuaji huzuia taya la juu kukua, mara nyingi huingia kundi hili.

Ikiwa taya la chini ndilo refu, mambo ni magumu. Vikombe vya kidevu vya kulizuia lisikue vilitumiwa kwa miaka mingi, na mara nyingi ukuaji uliozuiwa ulirudi vilipoachwa. Taya la chini huendelea kukua baada ya la juu kuacha, kwa wavulana hadi miaka 18 au zaidi. Mvulana aliyemaliza tiba akiwa na miaka 13, meno yakikutana vizuri, anaweza kurudi akiwa na miaka 17 akiwa na kundi la tatu tena. Daktari mwangalifu hupiga eksirei za ubavuni, mwaka baada ya mwaka, na kulinganisha. Taya likionekana halijabadilika kati ya picha mbili, ndipo uamuzi wa mwisho hufanywa.

Uamuzi huo ni kati ya kuificha kasoro na kuipasua. Kuificha ni kuyainamisha meno ya juu nje na ya chini ndani, pengine kwa kung'oa magego madogo mawili ya chini, hadi yapishane vizuri. Huwezekana pale ambapo kasoro ni ndogo na kidevu hakimsumbui mwenyewe. Mpaka wake ni mfupa mwembamba ulio mbele ya mizizi ya meno ya chini: yakiinamishwa mno, ufizi hushuka na mzizi huonekana. Upasuaji hulipeleka taya la juu mbele, au hulirudisha la chini nyuma, au hufanya yote mawili, na kabla yake nyaya huvaliwa mwaka mmoja au zaidi. Kazi ya nyaya hizo ni kinyume cha kuficha. Meno ambayo mwili ulikwisha kuyainamisha yenyewe ili yakutane husimamishwa wima, na kwa miezi kadhaa mng'ato huonekana mbaya kuliko siku ya kwanza. Ndiyo maana swali la upasuaji huulizwa mwanzoni. Aliyefichiwa kasoro akiwa na miaka 15, kisha akahitaji upasuaji akiwa na 20, lazima meno yake yarudishwe kwanza yalikotoka, na kama magego madogo ya chini yaling'olewa, nafasi yake lazima ifunguliwe tena au daktari wa upasuaji akubali kulirudisha taya kwa kiasi kidogo kuliko uso ulivyohitaji.